Kuongeza na Kupunguza: Njia Moja ya Kuufikia Msingi wa Nafasi ya Vekta

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mliokuja kusikiliza,

Nimeombwa nizungumzie mambo mawili ambayo kwa kawaida hufundishwa kama kanuni mbili zinazofuatana. Ya kwanza husema kwamba seti yoyote ya vekta huru inaweza kuongezewa vekta nyingine mpaka iwe msingi wa nafasi nzima. Ya pili husema kwamba seti yoyote inayozalisha nafasi nzima inaweza kupunguzwa mpaka ubaki msingi. Nilipokuwa mwanafunzi nilizisoma kama kazi mbili zinazokwenda kinyume, moja ya kujenga na nyingine ya kubomoa, na nilikaa na fikra hiyo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Leo nakusudia kuonesha kwamba kazi ni moja, kwamba kazi hiyo ni ya kujenga, na kwamba anayeifanya ya pili kwa kubomoa tu anaweza kubaki mikono mitupu.

Tupatane kwanza juu ya maneno. Tukiwa na vekta kadhaa, tukazidisha kila moja kwa namba na kisha kujumlisha, tunapata vekta nyingine. Vekta zote zinazoweza kupatikana kwa namna hiyo nitaziita mzao wa zile tulizoanza nazo. Seti inazalisha nafasi nzima ikiwa mzao wake ni nafasi nzima. Seti ni huru ikiwa hakuna vekta ndani yake inayopatikana kutokana na wenzake. Kwa lugha ya hesabu, jumla yake haiwezi kuwa sifuri isipokuwa namba zote zinazozidisha ziwe sifuri. Msingi ni seti yenye sifa zote mbili: inatosha kuzalisha kila kitu, na haina cha ziada.

Sasa niieleze kazi yenyewe, kwa kuwa ni fupi. Panga vekta ulizonazo katika foleni. Anza na ya kwanza, uende moja baada ya nyingine, na kwa kila vekta uulize swali moja tu: je, vekta hii imo katika mzao wa zile nilizokwisha kuzichagua? Ikiwa imo, iache. Ikiwa haimo, ichague. Ukifika mwisho wa foleni, ulizozichagua ni huru, na mzao wake ni sawasawa na mzao wa foleni nzima.

Kwa nini ni huru? Tuseme tumechagua seti huru S, na vekta v haimo katika mzao wa S. Tukiandika jumla ya vekta za S pamoja na v iwe sifuri, kizigeu cha v, yaani namba inayoizidisha, lazima kiwe sifuri. Kisipokuwa sifuri tungeweza kugawanya kwacho na kuipata v kutokana na S, jambo tulilokwisha kulikataa. Kikiwa sifuri, zilizobaki ni vekta za S peke yake, nazo ni huru, kwa hiyo vizigeu vyote ni sifuri. Na kwa nini mzao haupungui? Kwa sababu kila tuliyoiacha ilikuwa tayari ndani ya mzao wa zile tulizozichagua, na kuiacha hakukutunyima kitu. Hoja ni hizo mbili tu. Ningeomba msizipite haraka, maana kila kitakachofuata kinasimama juu yake.

Ukitaka kupunguza seti inayozalisha, ipange katika foleni na ufanye kazi hiyo. Ukitaka kuongeza seti huru, fanya kazi ileile, lakini kwa kuipanga foleni kwa namna maalumu: vekta zako huru zitangulie, na nyuma yake uweke seti yoyote inayojulikana kuwa inazalisha nafasi nzima. Kwa kuwa zilizotangulia ni huru, hakuna hata moja itakayoachwa, maana hakuna iliyomo katika mzao wa zilizo mbele yake. Kwa kuwa foleni nzima inazalisha kila kitu, kitakachochaguliwa kitazalisha kila kitu. Tofauti yote kati ya kuongeza na kupunguza, basi, ni nani amepewa nafasi ya mbele kwenye foleni.

Naomba tuangalie mfano kwa karibu. Tuko katika nafasi ya vekta zenye namba nne nne, na tumepewa vekta mbili huru:

u1 = (1, 2, 1, 3)
u2 = (3, 3, 2, 6)

Tunatakiwa kupata msingi wa nafasi nzima ambao vekta hizi mbili zimo. Tunajua kwamba zinahitajika mbili zaidi, na tunazo zile vekta nne za kawaida, e1, e2, e3 na e4, ambazo kila moja ina 1 mahali pamoja na sifuri kwingine kote. Mwanafunzi mwenye haraka huchukua e1 na e2, akaandika kwamba u1, u2, e1 na e2 ni msingi, akafunga daftari. Hesabu ya idadi imetimia, lakini jibu si sahihi. Tazameni u2 − 2u1: namba ya kwanza ni 3 − 2 = 1, ya pili ni 3 − 4 = −1, ya tatu ni 2 − 2 = 0, na ya nne ni 6 − 6 = 0. Hiyo ni e1 − e2. Kwa hiyo, mara tu e1 inapoingia, e2 inakuwa imekwisha kupatikana: e2 = 2u1 − u2 + e1. Vekta nne zipo, ila zinazalisha vipimo vitatu tu.

Njia ya foleni haituruhusu kuteleza hivyo. Tunaandika vekta sita kama safu wima za matriksi moja, u1 na u2 zikitangulia:

```
1  3  1  0  0  0
2  3  0  1  0  0
1  2  0  0  1  0
3  6  0  0  0  1
```

Tunatoa mara mbili ya mlalo wa kwanza kutoka wa pili, mara moja kutoka wa tatu, na mara tatu kutoka wa nne. Kisha tunabadilishana mlalo wa pili na wa tatu, na tunautumia huo mpya wa pili kufuta namba zilizo chini yake katika safu wima ya pili. Tunapata hii:

```
1  3  1  0  0  0
0 -1 -1  0  1  0
0  0  1  1 -3  0
0  0  0  0 -3  1
```

Namba ya kwanza isiyo sifuri katika kila mlalo ndiyo egemeo. Maegemeo yameangukia safu wima ya 1, ya 2, ya 3 na ya 5. Safu hizo ni za u1, u2, e1 na e3, na hizo ndizo msingi tunaoutafuta. Safu ya 4, yaani ya e2, haina egemeo, na hilo ndilo jibu la swali letu la foleni: e2 imo katika mzao wa zilizotangulia. Safu ya 6 nayo haina. Mkipenda kujiridhisha kwamba kuiacha e4 hakukutupotezea kitu, hesabuni −u1 + (2/3)u2. Mtapata (1, 0, 1/3, 1), na mkitoa e1 pamoja na theluthi moja ya e3, inabaki e4 yenyewe.

Kwa nini maegemeo yajue jambo hili? Kwa sababu kuzidisha mlalo kwa namba isiyo sifuri, kubadilishana milalo au kutoa mlalo mmoja kutoka mwingine hakubadilishi uhusiano uliopo kati ya safu wima. Kama safu ya nne ilikuwa sawa na mara mbili ya ya kwanza, kutoa ya pili, kujumlisha ya tatu, itabaki hivyo mpaka mwisho. Jaribuni katika matriksi ya pili: mara mbili ya (1, 0, 0, 0), kutoa (3, −1, 0, 0), kujumlisha (1, −1, 1, 0), ni (0, 0, 1, 0), na hiyo ndiyo safu ya nne hasa. Uhusiano umehifadhiwa, vekta zenyewe hazikuhifadhiwa.

Sentensi hiyo ya mwisho inanipeleka kwenye kosa ambalo nimelisahihisha mara nyingi kuliko yote, na ambalo mimi mwenyewe niliwahi kulifanya ubaoni mbele ya darasa. Mtu anafika kwenye matriksi ya pili, anaona maegemeo, na badala ya kurudi kwenye matriksi ya kwanza kuchukua safu zilezile, anachukua safu za matriksi ya pili. Katika mfano wetu angeandika (1, 0, 0, 0), (3, −1, 0, 0), (1, −1, 1, 0) na (0, 1, −3, −3). Ubaya wa kosa hili ni kwamba linajificha. Vekta hizo nne ni huru kweli, na kwa kuwa tuko katika nafasi nzima yenye vipimo vinne, ni msingi kweli. Ukilikagua jibu kwa kuuliza kama ni msingi, litapita. Lakini u1 haimo, wala u2 haimo, na tuliombwa kuongeza juu ya hizo mbili. Njia ya kuligundua ni kulisoma jibu na kutafuta kwa macho kama vekta ulizopewa zimo jinsi zilivyokuwa. Ukiwa unatafuta msingi wa nafasi ndogo iliyo ndani ya nyingine, kosa hili ni kubwa zaidi, kwa sababu vekta za matriksi ya pili huenda zisiwemo kabisa katika nafasi hiyo ndogo.

Nije sasa upande wa kupunguza, ambako kosa ni la aina nyingine. Chukueni vekta tano zinazozalisha nafasi ya vipimo vitatu:

w1 = (1, 1, 0)
w2 = (2, 2, 0)
w3 = (0, 1, 1)
w4 = (1, 2, 1)
w5 = (1, 0, 0)

Anayebomoa husema: nitaondoa kila vekta inayopatikana kutokana na wenzake. Basi w1 ni nusu ya w2, iondoke. w2 ni mara mbili ya w1, iondoke. w3 ni w4 kutoa w1, iondoke. w4 ni w1 kujumlisha w3, iondoke. Inabaki w5 peke yake, na nafasi ya vipimo vitatu imegeuka mstari mmoja. Kila sentensi aliyoisema ilikuwa ya kweli wakati anaisema juu ya seti kamili ya vekta tano. Alichokosea ni kuzitumia zote kwa pamoja, kwa sababu w1 ikishaondoka w2 haina tena mtu wa kuizalisha, na swali lilipaswa kuulizwa upya. Kupunguza kunaruhusiwa hatua moja tu kwa wakati, na baada ya kila hatua seti ni nyingine.

Anayejenga hapatwi na tatizo hilo, kwa sababu anailinganisha kila vekta na zile tu alizokwisha kuzichagua, na hizo haziondoki tena. w1 inachaguliwa. w2 inaachwa. w3 inachaguliwa, w4 inaachwa, w5 inachaguliwa. Msingi ni w1, w3 na w5. Akianza foleni kutoka mwisho, atachagua w5, w4 na w3, kisha ataziacha w2 na w1. Misingi miwili tofauti, na yote ni sahihi. Mtaona kwamba w5 imo katika yote miwili, na hiyo si bahati: w1 hadi w4 zote zimo katika mzao wa w1 na w3, ambao una vipimo viwili tu, kwa hiyo bila w5 hakuna namna ya kutimiza vipimo vitatu. Vekta isiyopatikana kutokana na wenzake wote lazima iwemo katika kila msingi utakaochaguliwa ndani ya seti hiyo. Ndiyo pekee ambayo foleni haiwezi kuiacha hata ikiwekwa mwisho kabisa.

Lakini kwa nini mara zote mbili zimetoka tatu? Ningeweza kusema kwamba idadi ya vekta za msingi haibadiliki, nikaendelea. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu uthibitisho wake ni foleni ileile ikitumiwa kwa ujanja. Hermann Grassmann aliufikia mwaka 1862, na leo kwa kawaida unaitwa kwa jina la Ernst Steinitz, aliyeuandika mwaka 1913.

Tuseme tuna vekta n zinazozalisha nafasi, na pembeni tuna vekta m zilizo huru. Chukua huru ya kwanza, iweke mbele ya foleni ya zile n. Sasa foleni ina vekta n + 1, na si huru, kwa kuwa ile ya mbele inapatikana kutokana na zilizo nyuma yake. Basi ipo vekta fulani katika foleni inayopatikana kutokana na zilizoitangulia: ni ile ya mwisho ambayo kizigeu chake si sifuri. Haiwezi kuwa ile ya mbele, kwa kuwa vekta huru si sifuri. Ni mojawapo ya zile n. Iondoe. Foleni imerudi kuwa n na bado inazalisha kila kitu. Ingiza huru ya pili nyuma ya ya kwanza, na kwa hoja ileile mmoja wa wenyeji ataondoka, kamwe si mgeni, kwa sababu wageni ni huru miongoni mwao. Kila mgeni anayeingia anamtoa mwenyeji mmoja. Kama wageni wangekuwa wengi kuliko wenyeji, wenyeji wangekwisha, na mgeni afuataye angekuta wageni wenzake tayari wanazalisha nafasi nzima, yeye akiwemo, jambo linalopingana na uhuru wao. Kwa hiyo m haizidi n. Ukichukua misingi miwili, kila mmoja ni huru na kila mmoja unazalisha. Wa kwanza hauzidi wa pili, wa pili hauzidi wa kwanza, na idadi ni sawa.

Kabla sijaondoka kwenye nafasi zenye vipimo vinavyohesabika, kuna tahadhari moja kuhusu nafasi ndogo. Msingi wa nafasi ndogo unaweza kuongezwa ukawa msingi wa nafasi kubwa. Tumekwisha kuona jinsi. Wengi hudhani kwamba kinyume chake pia ni kweli, yaani kwamba ukiwa na msingi wa nafasi kubwa utaupunguza hadi upate msingi wa nafasi ndogo. Si kweli. Katika ubapa, e1 na e2 ni msingi. Mstari wa vekta zote zenye namba mbili zilizo sawa, kama (1, 1) na (5, 5), ni nafasi ndogo. Wala e1 wala e2 haimo katika mstari huo, na hata upunguze vipi hutapata vekta (1, 1). Ndiyo sababu, katika uthibitisho wowote unaohusu nafasi ndogo, daima tunaanza na msingi wa ndogo na kuuongeza kwenda kwenye kubwa. Anayeanza na msingi wa nafasi kubwa amekwama kabla hajaandika mstari wa pili.

Sasa nilipe deni la mwanzo, pale niliposema kwamba anayebomoa anaweza kubaki mikono mitupu. Chukueni namba halisi zenyewe kama nafasi ya kipimo kimoja, na seti 1, 1/2, 1/3, 1/4, kuendelea bila mwisho. Seti hii inazalisha nafasi nzima, na kila mwanachama wake peke yake anatosha. Anayebomoa anaiondoa 1, kwa kuwa zilizobaki zinatosha. Anaiondoa 1/2, na zilizobaki zinatosha. Anaiondoa 1/3, na bado zinatosha. Hakuna hatua hata moja aliyokosea, na katika kila hatua seti iliyobaki inazalisha nafasi nzima. Lakini akizimaliza hatua zote hizo, kila namba imekwisha kuondolewa, na seti iliyobaki ni tupu. Anayejenga huichagua 1, anaziacha nyingine zote, na kazi imekwisha.

Hiyo ndiyo sababu, tunapokwenda kwenye nafasi zisizo na mwisho wa vipimo, hatuthibitishi uwepo wa msingi kwa kupunguza. Tunachukua seti zote huru zinazoibeba ile tuliyopewa na kutafuta iliyo kubwa kabisa, ambayo haiwezi kuongezewa kitu tena bila kupoteza uhuru wake. Ikipatikana, lazima inazalisha kila kitu, kwa hoja ileile ya mwanzo: kama ingekuwepo vekta nje ya mzao wake, tungeiongeza. Kwamba seti kubwa namna hiyo ipo, tunalipata kutokana na lema ya Zorn, iliyochapishwa mwaka 1935, ambayo ina nguvu sawa na aksiomu ya uteuzi, ile inayosema kwamba tukiwa na seti nyingi kiasi chochote, zote zisizo tupu, tunaweza kuchagua kitu kimoja kutoka kila moja. Kabla ya hapo, mwaka 1905, Georg Hamel alikuwa ametumia aksiomu hiyo kuthibitisha kwamba namba halisi zina msingi zinapotazamwa kama nafasi ambayo vizigeu vyake ni namba wiani, yaani namba zinazoandikika kama sehemu ya namba kamili mbili. Tunajua kwamba 1 na kipeuo cha pili cha 2 ni huru katika nafasi hiyo, na kwa hiyo upo msingi wenye hizo mbili ndani yake. Zilizobaki katika msingi huo hatuwezi kuziandika moja moja kama tulivyoandika e1 na e3, kwa kuwa ni nyingi kuliko urefu wa orodha yoyote.

Kwa muda mrefu ilikuwa halali kuuliza kama aksiomu hiyo nzito ni ya lazima kweli, au tumeitumia kwa uvivu tu. Mwaka 1984 Andreas Blass alithibitisha kwamba ukikubali kila nafasi ya vekta ina msingi, basi umeikubali aksiomu ya uteuzi yenyewe, upende usipende.